Kupanga hedseti ya VR kwa gemu la kuendesha gari: skeli kwanza, mwili pili, fremu mwisho

Wengi wakishachomeka hedseti kwenye kompyuta hukimbilia ubora wa picha. Wanapandisha kila kitu mpaka juu, picha inaanza kukatakata, kichefuchefu kinawapata, na hedseti inaishia kabatini. Ukifuata mpangilio wa kinyume utapata matokeo mazuri zaidi. Hakikisha kwanza kwamba vitu unavyoviona vina ukubwa wake wa kweli, kisha weka mwili na hedseti vikae sawa, halafu ndipo ugawe nguvu ya kompyuta. Gari likionekana dogo kama la kuchezea, au kichwa chako kikiwa kimewekwa juu ya dashibodi, utaumwa kichwa hata ukiwa na kadi ya picha ya bei ya pikipiki.

Nitachukua mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho: Meta Quest 3 iliyounganishwa kwa kebo na kompyuta ya Windows yenye kadi ya RTX 3060, usukani wa Logitech G29, na gemu la Assetto Corsa la kampuni ya Kunos Simulazioni ya Italia. Gemu lenyewe ni la 2014, na hiyo ndiyo faida yake, maana kadi ya wastani inalimudu. Weka pia programu mbili za nyongeza za gemu hili, Content Manager na Custom Shaders Patch. Bila hizo mbili utateseka na menyu za zamani zisizo rafiki kwa VR. Gari la majaribio ni Abarth 500, ambalo limo ndani ya gemu, na uwanja ni Vallelunga. Mwenye Quest 2 au Quest 3S anaweza kufuata hatua hizi hizi, na palipo na tofauti nitasema.

Kuunganisha

Hapa tupite haraka. Sakinisha programu ya Link ya Meta kwenye kompyuta, kisha chomeka kebo ya USB 3 kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, moja kwa moja kwenye ubao mama. Usipitishe kwenye kigawanyaji cha USB. Programu ina kipimo cha kebo, kwa hiyo kiendeshe uone kama kebo inapitisha data kwa kasi inayotakiwa. Kebo nyingi za kuchajia simu zinafanana nayo kwa umbo ila ndani ni USB 2 tu. Kwenye hedseti chagua mpaka wa kukaa mahali pamoja, si wa kutembea chumbani. Kwenye programu ya kompyuta anza na 72 Hz, yaani fremu au picha 72 kwa sekunde, hata kama unajua hedseti inafika 120.

Ndani ya Content Manager nenda Settings, kisha Assetto Corsa, kisha Video, na mahali pa `Rendering mode` chagua `Oculus Rift`. Ukichagua `OpenVR`, picha italazimika kupitia SteamVR kwanza, na hilo ni tabaka moja zaidi la kula nguvu.

Kutumia Wi-Fi badala ya kebo kunawezekana, kwa sharti moja: kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, na hedseti itumie 5 GHz ikiwa chumba kimoja na ruta. Kompyuta na hedseti zote zikiwa kwenye Wi-Fi, picha itasita kila mtu wa nyumbani anapofungua video.

Skeli

Ukubwa wa dunia ndani ya VR unatokana na jambo moja hasa: umbali kati ya kamera mbili ambazo gemu linazitumia kama macho yako, ukilinganishwa na umbali wa macho yako mwenyewe. Kamera zikikaribiana kuliko macho yako, vitu vinaonekana vikubwa kuliko ulivyozoea. Zikiachana zaidi, kila kitu kinasinyaa. Chukua mtu mwenye umbali wa milimita 66 kati ya mboni, na hedseti imewekwa 60. Kwake dunia inakuwa kubwa kwa takriban asilimia 10, na gari la Abarth linaanza kuonekana kama basi dogo.

Kwa hiyo anza na kipimo cha macho, ambacho kwenye hedseti huandikwa IPD. Simama mbele ya kioo, umbali wa sentimita 20 hivi, na rula ya milimita juu ya pua chini kidogo ya macho. Funga jicho la kulia, weka sifuri ya rula katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza kichwa wala rula, fumba la kushoto, fumbua la kulia, na usome milimita iliyo katikati ya mboni ya kulia. Rudia mara kadhaa kwa sababu mkono hutikisika. Ukivaa miwani iliyopimwa karibuni, muulize fundi wa miwani. Namba hiyo anayo.

Kwenye Quest 3 kuna gurudumu dogo chini ya hedseti. Ukilizungusha, namba inaonekana kwenye skrini, na lenzi zinasogea pamoja na kamera za gemu. Quest 2 na 3S zina nafasi tatu tu za lenzi: milimita 58, 63 na 68. Ukiangukia katikati ya nafasi mbili, jaribu zote na uchukue ile inayokupa maandishi makali pembeni bila macho kuchoka.

Jambo la pili ni mahali kichwa kilipo ndani ya gari. Kaa kwenye kiti chako jinsi unavyoendesha, mgongo umegusa kiti, mikono kwenye usukani, macho mbele. Katika hali hiyo hiyo bonyeza `Ctrl` na `Space` ili gemu lihesabu kwamba hapo ndipo kichwa cha dereva kinapokaa. Wengi hubonyeza wakiwa wameinama kutafuta kibodi, kisha wakijiegemeza kichwa kinarudi nyuma hadi kiti cha abiria wa nyuma, na wanadai skeli imeharibika. Fungia amri hiyo kwenye kitufe cha usukani ili usihitaji kuinama.

Baada ya hapo tumia kidirisha cha kiti kilichomo ndani ya gemu kusogeza kiti mbele, nyuma, juu au chini. Gemu hukumbuka nafasi hiyo kwa kila gari peke yake, kwa hiyo ukibadili gari utapanga upya.

Utajuaje kwamba umepatia? Usitumie hisia peke yake. Chukua futi ya kupimia, nenda kwenye gari halisi dogo, Vitz au Passo ya jirani inatosha. Abarth 500 ina upana wa mita 1.63 hivi, na Vitz haizidi mita 1.70, hivyo zinakaribiana. Kaa kwa dereva, pima kutoka jichoni hadi katikati ya usukani, na kutoka jichoni hadi ardhini ukipitishia dirishani. Kwenye gari dogo, macho ya dereva huwa mita 1.1 hadi 1.25 kutoka ardhini. Rudi kwenye hedseti, egesha Abarth kwenye sehemu ya mafundi na uangalie chini dirishani. Ukihisi uko juu kama dereva wa Fuso, shusha kiti cha ndani ya gemu. Usiguse kitu kingine chochote.

Halafu jaribu mkono. Fumba macho, shika usukani wako halisi, fumbua na utazame mikono ya dereva ndani ya gemu. Kitovu cha usukani wa gemu kinatakiwa kuwa pale pale kilipo chako, kwa umbali na kwa kimo. Unaweza kuchungulia kwenye uwazi wa puani ili kulinganisha.

Sasa angalia mtego ulioko hapa. G29 ina kipenyo cha sentimita 28 hivi, wakati usukani wa gari la kawaida la barabarani ni 36 au 37. Vipenyo havitalingana kamwe, na havitakiwi kulingana. Yapo magemu na programu za nyongeza zenye kitelezi cha skeli ya dunia, na mtu akikikuta hukipunguza mpaka usukani wa gemu ujae viganjani mwake. Piga hesabu: 28 gawanya kwa 36 ni 0.78. Gari la mita 1.63 linageuka la mita 1.27, barabara inakuwa nyembamba kwa kiwango hicho hicho, na kona zinaonekana karibu kuliko zilivyo kwa sababu umbali wote umesinyaa. Linganisha kitovu, achana na kipenyo. Kitelezi hicho kiache kwenye 1.0 au asilimia 100, na ukiguse tu ikiwa IPD ni sahihi, kiti ni sahihi, na bado vipimo vya futi vinakataa.

FOV, yaani upana wa pembe ya mwonekano, nayo isikusumbue. Kwenye skrini ya kawaida ni hesabu ya lazima, lakini kwenye VR lenzi ndizo zinazoamua, na gemu linafuata.

Kuna jambo moja linalotukuta sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara. Abarth ya gemu ina usukani kushoto. Mtu aliyezoea kukaa kulia ataona ubavu wa kulia wa gari uko mbali mno na atagonga kingo za upande huo. Hilo si kosa la skeli. Ni mazoea ya kukadiria upana kutoka kiti kingine, na hutulia baada ya mizunguko kadhaa.

Mwili

Quest 3 ina uzito wa gramu 515, na karibu wote uko mbele ya uso. Ukibana mikanda ya pembeni ili isidondoke, unahamishia uzito huo kwenye mifupa ya mashavu, na nusu saa baadaye una alama nyekundu na kichwa kinauma. Fanya hivi: legeza mikanda yote, ingia kuanzia nyuma ya kisogo, kisha kaza mkanda wa juu mpaka wenyewe ndio unaobeba uzito. Wa pembeni ukaze kidogo tu, wa kuzuia hedseti isiyumbe. Kisha isogeze juu na chini usoni, milimita kwa milimita, mpaka namba za dashibodi ziwe kali. Mwenye miwani avute sehemu ya uso mbele. Quest 3 ina hatua nne za kuongeza nafasi hiyo. Lenzi ya miwani isiguse lenzi ya hedseti, zitachubuana.

Kebo ipitishe juu ya bega, ifunge nyuma ya kiti kwa kamba laini, na uache ulegevu wa kutosha kugeuza kichwa pande zote. Kebo inayovuta inageuza hedseti kidogo kidogo, na picha inapoteza ukali bila wewe kujua sababu.

Joto la Dar au Mombasa nalo lina mambo yake. Uso ukitoa jasho, lenzi zinapata ukungu, hasa ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Washa hedseti dakika chache kabla ya kuivaa ili lenzi zipate joto, na uelekeze feni usoni. Feni ina kazi ya ziada: upepo wa mbele unapunguza kichefuchefu kwa watu wengi. Lenzi zifute kwa kitambaa kikavu cha miwani, bila spiriti. Na usiiache kamwe dirishani, maana lenzi hukusanya jua na kuchoma skrini ndani ya muda mfupi, na doa hilo halitoki.

Kichefuchefu chenyewe kinatokana na macho kusema unakwenda huku sikio la ndani likisema umekaa. Huwezi kuufuta ugomvi huo, lakini unaweza kuacha kuuchochea. Kwenye mipangilio ya mwonekano wa gemu, weka sifuri kila kinachotikisa kichwa cha dereva: mtikisiko wa mwendo kasi na nguvu za G. Kwenye skrini vinapendeza, ila ndani ya VR ni mtu mwingine anayekutingisha shingo. Ukihisi gari likiruka kwenye kingo linakusumbua, tafuta kufunga upeo wa macho kwenye NeckFX ya Custom Shaders Patch, ili gari liyumbe lakini upeo ubaki umelala.

Mizunguko ya mwanzo iwe ya taratibu, peke yako, bila kuendesha nyuma wala kuzungushazungusha gari. Gari likikuponyoka na kuanza kuzunguka, fumba macho mpaka lisimame. Ukienda kugonga ukuta, fumba pia. Usitazame marudio yenye kamera za uwanjani ukiwa umevaa hedseti. Hizo hurukaruka na kuvuta karibu bila ridhaa ya kichwa chako. Dalili ya kwanza huwa si kutapika. Ni joto la ghafla usoni, mate kuongezeka, au miayo. Hapo vua na upumzike mpaka hali itoweke kabisa. Kujikaza hakukomazi, kunaufundisha mwili kuichukia hedseti. Na ukitoka hapo ukiwa bado unayumba, usikimbilie kuendesha gari la kweli.

Fremu

Sasa tuje kwenye nguvu. Skrini ya Full HD ina pikseli milioni 2 hivi. Quest 3 ina 2064 kwa 2208 kwa kila jicho, jumla zaidi ya milioni 9, na kompyuta huchora hata zaidi ya hapo ili kufidia mkunjo wa lenzi. Kila fremu ina muda wake wa mwisho: kwa 72 Hz ni milisekunde 13.9, kwa 90 ni 11.1, kwa 120 ni 8.3. Fremu ikichelewa, unaiona kama mshtuko mdogo, na tumbo nalo linaiona. Ndiyo maana nilisema uanze na 72. Fremu 72 zisizokosa ni bora mara nyingi kuliko 90 zinazokosa kila kona.

Ili kuona kinachoendelea, fungua kifaa kilichomo ndani ya folda ya programu ya Meta:

```
Support\oculus-diagnostics\OculusDebugTool.exe
```

Kwenye `Visible HUD` chagua `Performance`, kisha `Performance Summary`. Ndani ya hedseti utaona `Performance Headroom`, yaani asilimia ya nguvu iliyobaki, na idadi ya fremu zilizodondoka. Ukiona nguvu iliyobaki inashuka chini ya sifuri, kompyuta inashindwa.

Hapo kuna ujanja unaoficha ukweli, unaitwa `Asynchronous Spacewarp`. Kompyuta ikishindwa, mfumo hukata fremu nusu, 72 zinakuwa 36, na kubuni zilizobaki. Utajua unaonewa nao kwa kutazama nguzo ya kioo cha mbele gari likiwa kwenye kona: kingo zake zinatetema kama zipo majini, na milingoti ya uzio pembeni inaacha kivuli. Wakati wa kupanga, weka `Disabled` ili uone hali halisi. Baadhi ya mipangilio ya kifaa hiki hurudi ya mwanzo ukizima kompyuta, kwa hiyo ikague tena kesho yake.

Pimia mahali pagumu. Kupima ukiwa peke yako uwanjani ni kujidanganya. Weka wapinzani 15 Vallelunga, ujipange wa mwisho kwenye mstari wa kuanzia, na usome namba hapo, magari yote yakiwa mbele yako.

Kabla ya kushusha chochote, jua ni nani anayechelewesha. Punguza azimio kwenye programu ya Link hadi chini kabisa, rudia mwanzo ule ule. Tuseme nguvu iliyobaki imeruka kutoka hasi 15 hadi chanya 30: mwenye tatizo ni kadi ya picha. Tuseme haikusogea: ni prosesa, na kushusha azimio kutakupotezea ukali wa picha bure.

Ikiwa ni prosesa, punguza wapinzani kutoka 15 hadi 10, shusha ubora wa vioo vya pembeni, kisha nenda kwenye mwakisiko wa magari, yaani `Reflections`. Gemu hili huchora mazingira upya, kama nyuso za mchemraba, ili yaakisike kwenye bodi ya gari, na kila uso linaouchora ni kazi mpya kwa prosesa. Weka uso mmoja kwa fremu, au mwakisiko tuli. Ukiwa ndani ya gari huioni bodi yako hata hivyo. Shusha pia vivuli hatua moja.

Ikiwa ni kadi ya picha, cha kwanza kuzima ni `Post-processing`, yaani madoido yanayoongezwa juu ya picha ikishachorwa. Inakula sana na ndani ya VR inaleta ukungu tu. MSAA, yaani ulainishaji wa kingo, ibaki 4x, kwa sababu bila hiyo nyaya, uzio na kingo za barabara zitachemka kila unapogeuza kichwa. Uchujaji wa anisotropiki acha 16x. Gharama yake ni ndogo, na ndio unaofanya lami ya mbali isomeke. Baada ya hapo tumia `FOV-Tangent Multiplier` kwenye kile kifaa cha OculusDebugTool. Ukiandika 0.85 na 0.85, unakata ukingo wa picha ambao uso wako huenda hauuoni vizuri, na pikseli zinabaki asilimia 72 hivi ya mwanzo. Ukianza kuona ukingo mweusi kama wa dirisha, rudi 0.9. Azimio lishushwe mwisho, baada ya haya yote.

Lenga kubaki na asilimia 15 hadi 20 pale kwenye mstari wa kuanzia. Ukizipata na bado unazo za ziada, chagua kimoja: kupanda azimio, au kupanda hadi 80 au 90 Hz. Mimi ningechukua azimio, kwa kuwa kwenye gari unahitaji kuiona alama ya kufungia breki mita 100 mbele. Anayeona skrini ikimemeteka kwenye 72 achukue 90.

Wenye laptopu wahakikishe chaja imechomekwa kabla ya kupima chochote, kwa sababu kwenye betri kadi ya picha hupunguzwa nguvu na namba zote zitadanganya. Hedseti nayo huweza kupungua chaji hata ikiwa kwenye kebo, hivyo ianze ikiwa imejaa. Na ukishapata mpangilio unaokukalia, nakili folda ya `cfg` iliyo ndani ya `Documents\Assetto Corsa`. Siku gemu au Custom Shaders Patch ikisasishwa na mambo yakavurugika, utairudisha folda hiyo na kuanza kuendesha.